Kikokotoo cha Ukubwa wa Sampuli na Kiwango cha Makosa: Utafiti wa Huduma ya Maji katika Kaya 1,840

Kikokotoo hiki kimetayarishwa kwa ajili ya kamati ya utafiti wa huduma ya maji, na kinajibu maswali mawili. La kwanza huulizwa kabla ya wadodosaji kwenda uwandani: tuhoji kaya ngapi ili matokeo yasipishane na hali halisi kwa zaidi ya kiasi tulichokubaliana? La pili huulizwa hojaji zikisharudi: kwa idadi tuliyoipata kweli, si ile tuliyoitarajia, kiwango cha makosa ni kipi?

Fungua lahajedwali tupu na uandike thamani na fomula zifuatazo katika safu B, kila moja kwenye seli yake.

```
B1   1840
B2   0.95
B3   0.05
B4   0.5
B5   1
B6   0.8
B7   =NORM.S.INV(1-(1-B2)/2)
B8   =B5*B7^2*B4*(1-B4)/B3^2
B9   =ROUNDUP(B8/(1+(B8-1)/B1),0)
B10  =ROUNDUP(B9/B6,0)
B11  271
B12  =B7*SQRT(B5*B4*(1-B4)/B11*(B1-B11)/(B1-1))
```

B1 ni jumla ya kaya zilizomo katika orodha, B2 ni kiwango cha uhakika, B3 ni kiwango cha makosa tunachokubali, B4 ni uwiano unaotarajiwa, B5 ni kizidishi cha mpangilio wa sampuli, na B6 ni sehemu ya kaya tunazotarajia zitajibu. B7 hadi B10 hujikokotoa zenyewe. B11 hujazwa baada ya kazi ya uwandani, na B12 hutoa kiwango halisi cha makosa.

Kwa thamani hizo, B7 inatoa 1.96 na B8 inatoa takriban 384, ambayo ndiyo sampuli ambayo ingehitajika kama jamii ingekuwa kubwa isiyo na mwisho. Marekebisho ya idadi yaliyomo katika B9 yanaishusha hadi 318, kwa sababu kila kaya inayohojiwa hupunguza zile ambazo hatujui jibu lake, na katika jamii ndogo upungufu huo una uzito. Kwa kuwa tunatarajia kaya 8 kati ya kila 10 zijibu, B10 inatuambia tuchague kaya 398.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu katika vikao vya kupanga tafiti hurudi mara kwa mara pendekezo la kuchukua asilimia 10 ya kaya na kumaliza mjadala. Kwa kaya 1,840, asilimia 10 ni kaya 184, na kiwango cha makosa kinakuwa asilimia 6.9. Katika jamii ya kaya 200, kanuni hiyohiyo inatoa kaya 20 na makosa ya karibu asilimia 21, ambayo hayamfai mtu yeyote. Katika jamii ya kaya 100,000 inadai kaya 10,000, wakati 383 zingetosha kwa makosa ya asilimia 5. Ukibadilisha B1 peke yake utaona jinsi sampuli inavyokua haraka mwanzoni na kisha kutulia: kaya 200 zinahitaji 132, kaya 500 zinahitaji 218, kaya 1,000 zinahitaji 278, kaya 5,000 zinahitaji 357, na kaya 10,000 zinahitaji 370. Kinachoamua zaidi ni B3. Kwa kaya zetu 1,840, makosa ya asilimia 4 yanadai majibu 453, na ya asilimia 3 yanadai 676, yaani zaidi ya maradufu ya kazi kwa nafuu ya pointi 2 tu.

Hesabu hizi zimesimama juu ya dhana ambazo lazima zitajwe, kwani moja ikianguka, tarakimu za B9 na B12 hubaki zikionekana safi ilhali hazina maana.

Dhana ya kwanza ni kwamba orodha ya kaya ni kamili na haina majina yaliyorudiwa, na kwamba kila kaya iliyomo ina nafasi sawa ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kuhoji waliokuja mkutanoni au walio karibu na barabara si bahati nasibu, hata wakifika 318. Pamoja na hilo, kipimo chetu ni kaya, wala si mtu mmojammoja; swali kuhusu maoni ya kila mkazi linahitaji B1 nyingine na orodha nyingine.

Uwiano wa 0.5 umechaguliwa kwa tahadhari, kwa kuwa ndio unaodai sampuli kubwa kuliko mwingine wowote. Kama tungekuwa na hakika kwamba kaya zenye bomba ni karibu asilimia 20, majibu 217 yangetosha kwa swali hilo. Lakini hojaji ina maswali mengi, na si haki kuipima yote kwa swali lililo rahisi.

Kizidishi cha 1 kinamaanisha kwamba kaya zimechaguliwa moja kwa moja kutoka orodha nzima. Ikiwa kamati itachagua kwanza mitaa na kisha kuhoji kaya 10 katika kila mtaa, majirani watafanana majibu, hasa katika jambo la maji, kwa kuwa wanachota mahali pamoja. Kwa mfanano wa 0.05 baina ya majibu ya kaya za mtaa mmoja, kizidishi ni 1 + (10 − 1) × 0.05, yaani 1.45, B9 inapanda hadi 428 na B10 hadi 535.

Dhana ya mwisho ndiyo iliyotuponyoka. Tulitarajia asilimia 80 wajibu, lakini kati ya kaya 398 zilizochaguliwa hojaji kamili zilizorudi ni 271, yaani asilimia 68. B12 inatoa asilimia 5.5, na kwa upande huo hasara ni ndogo. Hata hivyo, B12 hupima kosa la bahati nasibu tu, na haijui lolote kuhusu kaya 127 zilizokosekana. Tuchukue mfano: asilimia 60 ya waliojibu wakisema wameridhika, na wasiojibu wangekuwa wameridhika kwa asilimia 40 tu, wastani wa kaya zote 398 ungekuwa asilimia 53.6. Pengo hilo la pointi 6.4 linazidi kiwango chote cha makosa tulichokokotoa. Kwa hiyo kaya hizo zirudiwe jioni, wakati wenyeji wamekwisha kurudi kutoka kazini, kabla ya kufikiria kuongeza kaya mpya.

Tahadhari moja zaidi inahusu makundi. Asilimia 5.5 ni ya sampuli nzima. Kaya zinazoongozwa na wanawake ni 410 katika orodha, na zilizojibu ni 60. Ukiweka 410 katika B1 na 60 katika B11, makosa yanafika asilimia 11.7, na tofauti ndogo baina ya makundi isitangazwe kuwa ugunduzi.

Ikiwa kaya zilizokosekana hazitapatikana tena, ripoti ibebe maneno haya chini ya jedwali la kwanza la matokeo:

«Matokeo yanatokana na kaya 271 zilizojibu kati ya 398 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya kaya 1,840. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na baada ya marekebisho ya idadi, kiwango cha makosa kwa sampuli nzima hakizidi asilimia 5.5 juu au chini. Kwa makundi madogo ni kikubwa zaidi. Kiwango hiki hakijumuishi makosa yanayotokana na kaya zisizojibu, upungufu wa orodha au namna maswali yalivyoulizwa.»