Kifungu 7.3: Swichibodi Kuu ya Umeme Mdogo (MSB-01), Jengo la Upasuaji na ICU, Tanga

7.3.1 Bodi yenyewe
Kifungu hiki kinahusu bodi moja tu, MSB-01, inayokaa chumba cha umeme ghorofa ya chini. Inalishwa na transfoma ya kVA 1500, 11/0.4 kV ya upande wa TANESCO, na jenereta ya kVA 800. Toka hapo kuna matawi 12, matatu kati yao yanabeba maisha ya watu moja kwa moja: theatre, ICU na mtambo wa oksijeni. Kila kitu kinachofuata hapa chini kimeandikwa kwa sababu ya hayo matatu, kwa hiyo mtengenezaji akitaka kubadili chochote aanze kwa kutuonyesha hayo matatu yanabaki salama vipi.

Kiwango ni IEC 61439-1 na IEC 61439-2, breka ni IEC 60947-2. Maneno kama "imetengenezwa kwa kufuata kiwango" kwenye barua ya kiwanda hayatoshi, tunataka ripoti.

7.3.2 Fomu ya utenganisho
Fomu 4b, full stop. Maana yake basbaa ziko chumba chake, kila breka iko chumba chake, na terminali za kebo za kila tawi ziko chumba chake mbali na breka yake na mbali na terminali za jirani. 4a haikubaliki maana terminali zinakaa chumba kimoja na breka, na 3b haikubaliki maana terminali za matawi zote zinakaa pamoja, fundi akifungua kubadilisha kebo ya lifti anakutana uso kwa uso na nati za kebo ya ICU zikiwa na moto.

Kutenganisha kufanyike kwa bamba gumu, la chuma au la insulesheni, lililofungwa kwa skrubu. Mipira ya kuvika, tepu na soksi za kupasha moto hazihesabiwi kama kizuizi hata zikiwa nene kiasi gani, zinaweza kuwekwa kama nyongeza tu. Kati ya chumba na chumba kinga iwe IP2X na hii itapimwa kwa mkono, siyo kwa kusoma mchoro. Tundu zote za waya za kontroli kati ya vyumba ziwe na gromet, hapa ndipo utenganisho unapofia mara nyingi, bamba limewekwa vizuri halafu mtu wa waya anatoboa tundu la kupitisha waya mbili na kuliacha wazi.

Kebo zinaingia kutokea chini, kila kebo na glandi yake kwenye bamba la glandi la tawi lake. Nafasi toka bamba la glandi mpaka terminali isipungue mm 300 kwa kebo za mm² 185 na kuendelea, kebo ya ukubwa huo haipindi kirahisi na fundi akiilazimisha mzigo wote unaenda kwenye terminali ya breka.

Ieleweke pia kwamba Fomu 4b siyo ruhusa ya kufanya kazi kwenye moto. Inampa fundi nafasi ya kuzima tawi moja, kulifunga kwa kufuli na kulifanyia kazi wakati mengine yanaendelea. Kwa hiyo kila breka iwe na sehemu ya kufuli ikiwa OFF, na kila mlango uwe na namba ya tawi, ile ile iliyopo kwenye mchoro, imechongwa, siyo stika.

7.3.3 Uwezo
Volti 400/230, Hz 50, Ui 690 V, Uimp 8 kV. Basbaa kuu 2500 A, shaba iliyopakwa bati (Tanga ni pwani, chumvi ya hewani inakula shaba tupu), nyutro ukubwa sawa na feza maana mzigo wa UPS na taa za LED unaleta hamoniki za tatu zinazojumlishana kwenye nyutro.

Kuhimili shoti: Icw 50 kA kwa sekunde 1, Ipk 105 kA. Hesabu yake ni hii, transfoma ya kVA 1500 inatoa 2165 A kwa mzigo kamili, na impidansi ya 6% shoti kwenye terminali zake ni kama 36 kA, kwa hiyo 50 kA inatuachia nafasi siku transfoma ikibadilishwa na yenye impidansi ndogo. Bodi ya 36 kA haitakubaliwa. ACB zote Ics iwe sawa na Icu, 50 kA, MCCB za matawi Icu 50 kA bila kutegemea breka ya juu kusaidia.

ACB ya TANESCO 2500 A, ya jenereta 1250 A, zote pole 4, za kuvuta nje, zimefungiana kwa umeme na kwa mekanika ili zisiingie pamoja kwa namna yoyote ile, hata mtu akibonyeza kwa mkono.

RDF iwe 0.8 kwa kila seksheni. Jedwali la kiwango linaruhusu kudhani 0.6 kwa saketi kumi na kuendelea, hapa hapana, chila na AC za theatre zinafanya kazi mchana kutwa kwa pamoja. Joto la chumba lichukuliwe 40 °C. Kinga ya nje IP42, na hita ya kuzuia unyevu yenye thermostati kila seksheni.

Kuhusu joto la bodi: kiwango kinaruhusu kuthibitisha kwa hesabu mpaka 1600 A tu. Hii ni 2500 A, kwa hiyo tunataka ripoti ya testi halisi, au bodi inayotokana na iliyotestiwa, yenye basbaa zile zile, mpangilio ule ule na matundu ya hewa yasiyopungua ya ile ya ripoti.

7.3.4 Testi za kiwandani
Hakuna bodi kupakiwa kwenye lori kabla mhandisi wetu hajashuhudia. Taarifa siku 14 kabla, michoro iliyopitishwa iwe mezani, na vifaa vya kupimia viwe na cheti cha kalibresheni kisichozidi miezi 12.

Tunaanza kwa macho na spana ya toki: kila bolti ya basbaa ina alama ya rangi, na tutachagua wenyewe zipi zirudiwe kupimwa. Ikilegea moja zinarudiwa zote. Kisha kidole cha testi cha mm 12 kinapitishwa kila chumba milango ikiwa wazi, kisiguse kitu chenye moto. Mwendelezo wa arthi toka kila mlango mpaka baa ya PE usizidi ohm 0.1, kwa mkondo usiopungua 10 A.

Insulesheni: 1890 V AC kwa sekunde 1, feza kwa feza na feza kwa arthi, SPD na mita zikiwa zimetolewa. Mega ipigwe kabla na baada, namba zote mbili ziandikwe.

Mwisho kazi yenyewe. TANESCO inakatwa kwa kuigiza, baada ya sekunde 3 amri ya kuwasha jenereta inatoka, mzigo unahamia ndani ya sekunde 15, matawi yasiyo ya dharura yanabaki nje. Irudiwe mara tano mfululizo bila mtu kugusa kitu. Halafu tunajaribu kuingiza ACB zote mbili kwa nguvu, kwa kitufe na kwa mkono, na zikatae. Trip za ACB zipimwe kwa sekondari injeksheni kwa seti za ripoti ya uratibu.

Kinachofeli kinarekebishwa na testi nzima ya kipengele hicho inarudiwa kwa gharama ya mtengenezaji. Bodi ikigawanywa kwa usafiri, viungo vya basbaa vitakavyofungwa saiti vitapimwa toki na mega upya hapo hapo Tanga kabla ya umeme kuingizwa.