Mwongozo wa kazi: mzee mwenye demansi anapobadilika tabia

Nyumba ya wazee, Kampemba, Lubumbashi. Unawahusu wauguzi, walezi wa mchana na wa usiku, wapishi, mlinzi wa lango na daktari anayetutembelea.

Kanuni inayotangulia zote

Mzee mwenye demansi akipiga kelele, akirusha sahani, akizurura usiku, akikataa kuoga, akimsingizia mlezi kwamba amemwibia, au akiona watu ambao sisi hatuwaoni, hapewi dawa ya kumtuliza kabla hatujatafuta kinachomsumbua na kujaribu kukiondoa. Hali moja tu inaruhusu kupunguza hatua: anapokaribia kujidhuru au kumdhuru mtu vibaya. Kelele si hatari. Mlezi kuchoka mwisho wa zamu si hatari pia, ingawa tunajua uchovu huo ulivyo.

Neno «mulozi» halisemwi ndani ya nyumba hii, hata kwa utani. Jamaa wakilisema siku ya kutembelea, muuguzi mkuu akae nao pembeni awaeleze kwamba ubongo umeugua, na kwamba anayezungumza na mke aliyekufa zamani hajamwita mtu yeyote.

Mabadiliko ya ghafla ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine

Aliyekuwa mtulivu Jumatatu na Jumatano hajielewi, au analala mchana kutwa bila kawaida yake, anaitiwa daktari siku hiyohiyo. Wakati tunamsubiri: joto la mwili, presha, mapigo, pumzi, sukari, na kipimo cha haraka cha malaria. Mzee anaweza kuwa na malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo bila homa kali, kwa hiyo kipimajoto kisitufariji haraka. Uliza alienda choo kubwa lini, amekojoa mara ngapi, amekunywa maji kiasi gani. Gusa tumbo la chini: kibofu kilichojaa kimewahi kumfanya mtu mpole apige ngumi.

Kisha tazama dawa anazotumia. Prometazini aliyopewa ili alale, amitriptilini ya maumivu ya neva, triheksifenidili: zote zinaweza kumchanganya mtu mwenye demansi. Dawa iliyoanza wiki hii ndiyo ya kwanza kushukiwa. Jamaa huleta vidonge mfukoni. Waombwe kwa heshima wamkabidhi muuguzi.

Maumivu

Asiyeweza kusema «goti linaniuma» atasema kwa njia nyingine. Angalia uso wake unapomgeuza kitandani, mkono anaoulinda, meno, kucha za miguu, ngozi ya makalio. Tukiona dalili, daktari huandika parasetamoli ya saa maalumu, si ya kungoja alalamike: kwa kawaida gramu 1 mara tatu kwa siku, isizidi gramu 3. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ugonjwa wa ini hupangiwa kiasi kidogo zaidi. Hii si dawa ya kutuliza iliyopitishwa mlango wa nyuma. Utafiti uliofanywa katika nyumba za wazee za Norwe na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba kutibu maumivu kwa utaratibu kulipunguza fujo za wakaaji kwa kiasi cha kuonekana.

Daftari la tabia

Kila tukio linaandikwa na aliyeliona: saa, kilichotangulia, alichofanya mzee, kilichofuata. «Alikuwa mkali» haitoshi. Liandikwe hivi:

«Alhamisi, saa 10.40 usiku. Tata wa chumba cha 4 amevaa viatu, anagonga mlango kwa nguvu, anasema anachelewa poste. Kabla: jenereta iliwashwa umeme ulipokatika. Nilimwambia alale, akanisukuma. Mama wa zamu alikuja, akamuuliza anafanya kazi sehemu gani. Akasema kwenye tanuru. Wakakaa, akapewa chai. Saa 11.15 alivua viatu mwenyewe.»

Ukurasa huo unatueleza mengi kuliko mwezi mzima wa vidonge. Huyu alifanya kazi Union Minière, kisha Gécamines, na mngurumo alfajiri kwake ni wito wa kazi. Jenereta imesogezwa nyuma ya jiko, na viatu vyake vya kazi vinakaa ndani ya kabati usiku. Mlezi asibishane naye kwamba yeye ni mstaafu. Katika ubishi wa namna hiyo mwenye akili timamu hajawahi kushinda.

Yanayojirudia zaidi

*Jioni.* Kuanzia saa 11 wengi huchafukwa. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia. Umeme ukikatika, taa za betri ziwe tayari zimechajiwa. Chakula cha jioni kiwe mapema, redio ipunguzwe, na zamu isibadilishane watu kwa makelele ukumbini. Mchana wakae nje juani, watembee, wachambue maharagwe au wakunje nguo. Aliyesinzia kutwa hawezi kulala usiku.

*Kuoga.* Juni na Julai asubuhi ya hapa ni baridi kweli, na kukataa maji ni haki ya mtu. Kuoga kuwe mchana, maji ya moto yawe tayari kabla hajavua nguo, afunikwe kitenge sehemu isiyooshwa. Mama huogeshwa na mama. Akikataa, mwache, rudi baada ya nusu saa na mlezi mwingine. Siku moja bila kuoga haimuui mtu.

*Kuzurura.* Usimfungie chumbani wala kumfunga kwenye kiti. Uani kuna njia ya kuzunguka, atembee. Mlinzi ana picha za wanaopenda kutoka. Huwa anawasalimu, anawauliza habari za nyumbani, kisha anawasindikiza ndani.

*Tuhuma na maono.* Usikubali uongo, usimkatalie pia. «Pochi imepotea? Tuitafute pamoja.» Miwani isafishwe, masikio yakaguliwe nta, kivuli cha pazia kiondolewe.

*Lugha.* Wengine wanarudi kwenye Kibemba, Kiluba au Kisanga na Kiswahili kinawatoroka. Orodha ya walezi na lugha zao iko ukutani. Waitwe tata, mama au nkambo, kamwe «wewe». Mpenzi wa mpira aulizwe kuhusu Englebert na kombe la Afrika la 1967 na 1968. Kuna mmoja ambaye hula bukari yake yote hadithi hiyo ikianza.

Dawa, ikilazimu

Daktari pekee ndiye anaanzisha, baada ya kusoma daftari na kuzungumza na familia. Sababu ni mbili: hatari ya kweli, au maono na tuhuma zinazomtesa mzee mwenyewe licha ya yote yaliyo juu. Kuzurura, kuuliza jambo lilelile na kukataa kuoga havitibiki kwa dawa hizi.

Familia iambiwe waziwazi: tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya kwamba dawa za saikosi huongeza vifo kwa wazee wenye demansi, takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya wasiozitumia. Pia huongeza kiharusi, kuanguka na kukakamaa mwili.

Risperidoni huanza 0.25 mg mara mbili kwa siku, isizidi 1 mg mara mbili. Isipopatikana, haloperidoli ya matone ya 2 mg kwa mililita: 0.5 mg, yaani robo ya mililita, kwa mdomo. Kidonge cha 5 mg hakikatwi kukisia. Haloperidoli haidungwi kwenye mshipa. Klopromazini haitumiki, na diazepamu haitolewi «ili alale»: huleta kuanguka na kuchanganyikiwa zaidi. Mzee anayetetemeka, anayekakamaa na kuona vitu tangu mwanzo wa ugonjwa anaweza kuwa na demansi ya Lewy. Asipewe dawa hizi kabla ya ushauri wa daktari wa magonjwa ya akili.

Tarehe ya kusimamisha huandikwa siku ya kuanza. Kila siku muuguzi anaangalia usingizi, kutembea, kumeza na presha. Bila nafuu baada ya wiki mbili, daktari aitwe aangalie kama inafaa kuendelea. Ikisaidia, wiki ya sita inapunguzwa hatua kwa hatua na daftari linaendelea kuandikwa. Anayeona dawa imepita tarehe hiyo, awe mpishi au mlinzi, amwambie muuguzi mkuu.