Kitabu cha Majahazi ya Lamu Kinazinduliwa Mkunguni

Jumamosi, 14 Novemba 2026, saa 10 alasiri, mbele ya Ngome ya Lamu: Bi Zuhura wa Langoni anazindua *Mkuku Kwanza*, kitabu cha kurasa 184 kuhusu uundaji wa majahazi, tangu kulaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na kupanga mataruma, mbao za kiunzi chake, hadi kupandisha foromali, mti unaobeba tanga.

Kwa nini uje, na kitabu utakipata baadaye dukani? Kwa sababu mafundi kutoka Matondoni watakuja na kipande cha ubavu wa jahazi, watie kalfati mbele yako. Utaona pamba yenye mafuta ikisukumwa kwa patasi kati ya mbao, na utaelewa kwa nini ikilegea chombo huvuja. Picha haikuonyeshi mkono unavyopima nguvu. Waleteni vijana, tafadhali. Kazi hii inawahitaji.

Kuagiza mapema ni shilingi 900. Siku yenyewe ni 1,200. Tutumie ujumbe hapa upewe namba ya M-Pesa, kisha utume jina la kuandikiwa, herufi kwa herufi: Swaleh na Saleh si mtu mmoja, na wino haufutiki. Mwisho ni Alhamisi, 5 Novemba, maana nakala zinachapwa Mombasa na zinahitaji muda wa kufika Mokowe na kuvushwa.

Kutia saini kutaanza saa 11. Walioagiza watahudumiwa kwanza, wakionyesha ujumbe wa malipo. Tutamaliza kabla ya Magharibi. Wa Shela, msichelewe boti za kurudi.