Taarifa ya Pointi za Wateja Zilizobaki na Zilizotumika: Robo ya Aprili–Juni 2025

Kwa: Meneja wa Fedha, Makao Makuu, Mbeya
Kutoka: Mhasibu wa Mpango wa Pointi
Nakala: Meneja wa Mauzo, Mkaguzi wa Ndani
Tarehe: 11 Julai 2025

Ndugu Meneja,

Hadi tarehe 30 Juni 2025 wateja wetu walikuwa na pointi 20,009,500 ambazo hawajazitumia. Kwa TZS 10 kila pointi, hizo ni TZS 200,095,000 za punguzo tulilowaahidi. Hazitadaiwa zote. Kwa makadirio yangu zitakazodaiwa ni 13,525,310, na deni linalopaswa kuonekana kwenye hesabu za mwaka ni TZS 134,171,075. Leja inaonyesha TZS 119,096,544. Upungufu ni TZS 15,074,531, na naomba uuidhinishe uingizwe kabla hatujafunga vitabu tarehe 18 Julai.

Sababu ya upungufu huo ni moja: kiwango cha asilimia 60 tunachokitumia kilipangwa mwaka 2023, wakati wenye kadi wengi walikuwa watu wa manunuzi ya nyumbani. Leo zaidi ya theluthi moja ya pointi ziko kwa wenye maduka ya vijijini wanaonunua kwetu kwa jumla, na hao pointi zao huwa hawaziachi.

Mwenendo wa pointi katika robo

| | Pointi |
|---|---:|
| Zilizokuwapo 1 Aprili 2025 | 18,640,300 |
| Zilizotolewa | 5,218,400 |
| Zilizotumika | (3,094,700) |
| Zilizokwisha muda | (611,900) |
| Zilizofutwa kwa marekebisho | (142,600) |
| Zilizobaki 30 Juni 2025 | 20,009,500 |

Jumla hii nimeilinganisha na orodha ya kadi moja moja kwenye mfumo wa pointi, na inakubaliana. Kwenye marekebisho, pointi 46,300 ni za bidhaa zilizorudishwa. Nyingine 96,300 zilitoka Makambako: umeme ukikatika, kaunta hufanya kazi bila mtandao, na mtandao ukirudi baadhi ya risiti zilikuwa zikipanda mara mbili. Fundi wa mfumo amelifunga tatizo hilo mwezi Juni, na tangu hapo sijaona risiti iliyojirudia.

Zilikotumika

| Tawi | Pointi zilizotumika | Punguzo (TZS) |
|---|---:|---:|
| Mwanjelwa | 1,126,400 | 11,264,000 |
| Kabwe | 521,300 | 5,213,000 |
| Tunduma | 488,900 | 4,889,000 |
| Uyole | 402,600 | 4,026,000 |
| Iringa | 341,300 | 3,413,000 |
| Makambako | 214,200 | 2,142,000 |
| Jumla | 3,094,700 | 30,947,000 |

Mwanjelwa peke yake imebeba zaidi ya theluthi. Hilo halinishangazi, maana wenye maduka kutoka Chunya, Mbalizi na Rungwe wakija mjini kuchukua mzigo ndipo wanapoishia.

Tunduma kuna jambo la kurekebisha mara moja. Kaunta mbili zilikuwa zikiingiza pointi kama njia ya malipo, sawa na fedha taslimu, badala ya kuzitoa kama punguzo kabla ya VAT. Matokeo yake risiti ya EFD ilionyesha bei nzima, na VAT ikatozwa juu ya kiasi ambacho mteja hakukilipa. Pointi zilizohusika ni 214,500, yaani TZS 2,145,000. Hata kama bidhaa zote zingekuwa za kutozwa asilimia 18, VAT iliyozidi haipiti TZS 386,100. Kiasi ni kidogo, lakini mauzo ya tawi yamekuzwa na ripoti za siku hazisemi ukweli. Nimemwandikia msimamizi wa tawi, na naomba mshauri wetu wa kodi aangalie namna ya kulisahihisha kwenye ritani.

Jinsi deni lilivyopatikana

Chini ya IFRS 15, pointi ni ahadi ya pili ndani ya mauzo yaleyale. Mteja akilipa TZS 1,000 kabla ya VAT, amenunua bidhaa na amenunua pia haki ya punguzo baadaye. Kwa hiyo sehemu ya fedha yake bado si mapato. Historia yetu inaonyesha kwamba katika kila pointi 100 tunazotoa, 84 hatimaye hutumika, hivyo thamani ya pointi siku inapotolewa ni TZS 8.40. Tukigawa TZS 1,000 kwa uwiano wa 1,000 na 8.40, sehemu ya pointi inakuwa TZS 8.33. Kwa kuwa tunatarajia 84 tu zitumike, kila pointi inayotumika inaachilia TZS 9.92 kwenda kwenye mapato. Robo hii zimeachiliwa TZS 30,699,424.

Pointi 611,900 zilizokwisha muda hazikuleta mapato ya peke yake. Nalisema wazi kwa sababu nimeulizwa na idara ya mauzo kama ile TZS milioni 6 ni faida. Siyo. Zile ambazo hazitadaiwa zimeshahesabiwa ndani ya kiwango, na kuzitambua tena zinapofutwa ni kuhesabu fedha ileile mara mbili.

Zilizobaki nimezipanga kwa umri, kwa kuwa pointi iliyolala mwaka mmoja na nusu haina matumaini sawa na ya wiki iliyopita:

| Umri (miezi) | Pointi | Zitakazotumika | Pointi zinazotarajiwa |
|---|---:|---:|---:|
| 0–6 | 8,120,000 | 80% | 6,496,000 |
| 7–12 | 5,640,500 | 72% | 4,061,160 |
| 13–18 | 3,905,000 | 55% | 2,147,750 |
| 19–24 | 2,344,000 | 35% | 820,400 |
| Jumla | 20,009,500 | 67.6% | 13,525,310 |

Pointi 13,525,310 kwa TZS 9.92 ndizo zinazotoa TZS 134,171,075. Deni lote naliweka kwenye madeni ya muda mfupi, kwa kuwa mteja anaweza kulidai siku yoyote akifika kaunta.

Sikutaka kutegemea jedwali moja, kwa hiyo nimepima pia kwa aina ya mteja. Wateja wa jumla 412 wana pointi 7,203,000, ambazo ni asilimia 36 ya zote, na rekodi zao zinaonyesha wanatumia asilimia 90. Wateja wa nyumbani wana 12,806,500 na wanatumia asilimia 55. Kwa njia hii zinapatikana pointi 13,526,275. Tofauti ya njia hizi mbili ni pointi 965 tu, na hilo linanipa imani na kiwango kipya.

Kwa nini wateja wa jumla wanabadilisha hesabu

Chukua kadi moja ya Mwanjelwa, inayoishia na namba 4471. Mwenye kadi ana duka Chunya. Tangu Januari hadi Oktoba 2024 hakugusa hata pointi moja. Novemba akaja na kutumia pointi 41,000 kwa mkupuo, TZS 410,000, akazimalizia kwenye sukari na mafuta ya kula ya dukani kwake. Kisha akaanza kukusanya upya, na 30 Juni mwaka huu alikuwa na 38,200. Kwetu kadi hiyo ingeonekana imelala, na kwa kiwango cha zamani asilimia 40 ya pointi zake tungezifuta kimawazo. Yeye anaziona kama akiba ya msimu.

Wenzake wengi wanafanya vivyo hivyo. Mvua zikianza, wakulima wa vijijini wanatoa fedha kwa ajili ya mbegu na mbolea, mwenye duka anauza kwa mkopo, na mzigo mpya anautafutia unafuu popote. Januari zinafuata ada na sare za shule. Kati ya Novemba 2024 na Januari 2025 zilitumika pointi 5,860,000, yaani TZS 58,600,000 ndani ya miezi mitatu. Kwa msimu ujao natarajia pointi 7,400,000, sawa na TZS 74,000,000. Hakuna fedha itakayotoka benki kulipa hizo, ila bidhaa zitatoka dukani na droo hazitapokea kitu badala yake, wakati huohuo wauzaji wetu wa sukari na mafuta wanadai malipo yao. Naomba kiasi hicho kiingie kwenye makadirio ya fedha ya Novemba hadi Januari. Mwaka jana hakikuingia, na Desemba tulichelewesha malipo ya wauzaji wawili.

Kama makadirio yakikosea

Kiwango kikipanda au kushuka kwa pointi tano za asilimia, deni linabadilika kwa TZS 9,924,712. Wakaguzi wa nje watauliza hapo kwanza, kwa hiyo nimeandaa orodha ya matumizi ya miezi 24, kadi kwa kadi, iwe tayari watakapofika.

Ingizo ninaloomba

| Akaunti | Debiti (TZS) | Krediti (TZS) |
|---|---:|---:|
| 4100 Mapato ya mauzo | 15,074,531 | |
| 2315 Deni la pointi za wateja | | 15,074,531 |

Haya ni mabadiliko ya makadirio. Yanaingia yote mwaka huu, na hesabu za miaka iliyopita hazifunguliwi.

Mambo mawili yanayohitaji uamuzi wako

La kwanza ni meseji za kukumbusha. Pointi 1,072,000 zitakwisha muda kabla ya 30 Septemba, na wengi wenye nazo hawajui. Idara ya mauzo ilisita kuwatumia meseji kwa kuhofia deni kuongezeka. Ni kweli litaongezeka: kundi la miezi 19–24 likifika asilimia 50 badala ya 35, deni linapanda kwa TZS 3,487,872. Napendekeza tutume, na tutume siku 30 kabla. Mama anayeuza nyanya Uyole amenunua kwetu miaka miwili kwa kuamini ahadi tuliyomwandikia kwenye risiti. Kujenga faida juu ya kutojua kwake si haki, na siku akigundua kaunta kwamba salio lake ni sifuri, hatarudi yeye wala jirani zake.

La pili ni pendekezo la kutoa pointi mara mbili kwenye banda letu la Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Kwa mauzo yanayotarajiwa ya TZS 120,000,000, pointi za ziada ni 120,000, na mapato yatakayoahirishwa kwa ajili yake ni takriban TZS milioni 1. Sina pingamizi, ilimradi pointi hizo ziwekewe alama yake kwenye mfumo ili robo ijayo tujue zilirudi au hazikurudi.

Nitakuwa ofisini wiki nzima ya tarehe 14 Julai. Faili la hesabu na orodha ya kadi viko kwenye folda ya kufunga mwaka, na karatasi ya ingizo iko mezani kwako ikisubiri sahihi.

Mhasibu wa Mpango wa Pointi
Mbeya