TANGAZO KWA ABIRIA: MABASI YA NYONGEZA NA NAULI ZA SIKUKUU, DAR – MOSHI – ARUSHA – ROMBO

Ndugu abiria,

Kuanzia tarehe 18 hadi 24 Desemba 2025 tunaongeza mabasi manne kila siku kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Yale ya saa 12:00 na saa 3:00 asubuhi yanaendelea kama kawaida. Ya nyongeza ni saa 11:00 alfajiri (Arusha), saa 5:00 asubuhi (Moshi), saa 1:00 usiku (Arusha) na saa 2:00 usiku (Himo, Mwika hadi Tarakea). Yote yana kibali cha LATRA na madereva wawili wawili.

Katika siku hizo saba nauli ya Moshi itakuwa Sh 35,000 badala ya 30,000, Arusha Sh 40,000 badala ya 34,000, na Tarakea Sh 38,000 badala ya 33,000.

Tunajua mtakachouliza: basi ni lilelile, barabara ni ileile, kwa nini bei ipande? Sababu kubwa ni safari ya kurudi. Tarehe 23 Desemba gari linatoka Mbezi limejaa, likishusha Moshi linageuza na abiria wa kuhesabu kwa vidole, maana siku hiyo nani anaondoka Uchagani? Dizeli inaungua vilevile na dereva analipwa vilevile. Miezi mingine gari hupata watu kwenda na kurudi, ndiyo maana tunauza chini ya kikomo cha LATRA. Sikukuu tunapunguza lile punguzo, lakini kikomo hatukivuki; jedwali lake limebandikwa kwenye dirisha la tiketi, lisome kabla ya kulipa. Hatutadai kwamba Desemba hatupati faida. Tunapata.

Anayesafiri kinyume na wengi naye tumemkumbuka: Moshi kuja Dar, tarehe 18 hadi 24, ni Sh 20,000 tu. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 Januari mambo yanageuka: kutoka Moshi Sh 35,000, kutoka Dar Sh 20,000.

Ukiweza kuondoka kabla ya tarehe 18, utalipa nauli ya zamani. Aliyekwishakata tiketi haongezi hata senti. Bei hizi pia hazitapanda tena, hata ikibaki siti moja jioni ya tarehe 24.

Lipa kiasi kilichochapishwa kwenye tiketi yako ya mtandao. Konda au mpiga debe akikudai cha juu, usimpe. Piga namba iliyo nyuma ya tiketi ukitaja namba ya basi, na mkaguzi wetu atalisubiri gari Chalinze au Korogwe.

Fika nusu saa kabla. Begi moja la kilo 20 ni bure. Wa Januari mnaorudi na mbege, acheni nafasi ndani ya dumu: huendelea kuchachuka njiani, na likipasukia kwenye buti huloanisha mabegi ya wenzenu.

Uongozi, Idara ya Safari
Mbezi, Dar es Salaam