Andalio la Somo: Methali Mbili Zinapopingana

Gredi ya 4, Kiswahili. Wanafunzi 36, Kisauni, Mombasa. Dakika 35.

Lengo: mwanafunzi achague methali inayofaa kisa, kisha aitetee kwa "kwa sababu". Kukariri pekee hakutoshi.

Nyenzo: kadi 36 za karatasi ngumu, kibaba na mchele kidogo.

Mchezo wa kwanza: Tafuta Mwenzio (dakika 8)

Methali tisa zimekatwa vipande viwili, kila moja nakala mbili. Kila mtoto apewe kadi moja, atembee darasani akiisoma kwa sauti hadi ampate mwenziwe.

Haba na haba / hujaza kibaba
Bandu bandu / huisha gogo
Haraka haraka / haina baraka
Ngoja ngoja / huumiza matumbo
Mvumilivu / hula mbivu
Asiyesikia la mkuu / huvunjika guu
Usiache mbachao / kwa msala upitao
Mkono mmoja / haulei mwana
Dau la mnyonge / haliendi joshi

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia. Jaza kibaba kwa mchele, konzi baada ya konzi, watoto wakitazama. Kisha uchote kidogo kidogo hadi kiishe, uulize: "Hii sasa ni methali gani?" Wengi watataja bandu bandu wenyewe.

Mchezo wa pili: Kisa na Methali (dakika 10)

Soma kisa. Jozi inayodhani methali yake inafaa isimame. Pointi moja kwa kusimama, tatu kwa sababu nzuri.

Hamisi huchukua shilingi tano kila siku kwenye kibubu cha dadake.
Zuhura amepata rafiki mwenye baiskeli, hamsemeshi tena Rehema waliyecheza naye tangu chekechea.
Abiria wanasukumana kuingia feri ya Likoni ilhali lango halijafunguliwa.
Salma ameona moshi jikoni kwa jirani, akasema atamwambia akimaliza kucheza.

Jozi mbili zikisimama kwa kisa kimoja, usiharakishe kuamua. Waache wahojiane.

Mjadala (dakika 12)

Hapa ndipo penye uzito wa somo, kwa hiyo usipapunguze hata muda ukibana. Afadhali ukate kisa kimoja. Andika ubaoni "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Uliza: "Wazee wetu walituambia tuende pole au tufanye upesi?"

Wakichagua upande, warudishe kwenye feri na moshi kwa maswali mawili: Tukingoja, tutapoteza nini? Tukiharakisha, nani ataumia? Watoto wa umri huu huweza kabisa kuona kwamba methali hupimwa kwa hali iliyopo. Anayesema "mwalimu, zote ni kweli" aombwe aeleze ni lini kila moja ni kweli.

Tathmini (dakika 5)

Kila mmoja aandike sentensi moja: "Salma angefanya … kwa sababu …". Usahihishe sababu kwanza, tahajia baadaye.

Kazi ya nyumbani: waulize nyanya, babu au jirani methali moja ya baharini, na kisa kilichowahi kuwafanya waitumie. Kesho tutaikatia kadi.