Yah: Orodha yako ya marejeo, rasimu ya tasnifu

Zuhura,

Habari za Nachingwea? Natumaini mahojiano na wazee yanakwenda vizuri.

Umeuliza kwa nini msimamizi wako ameirudisha orodha ya marejeo wakati imetolewa na Zotero kwa mtindo wa APA, toleo la 7. Mtindo hauna shida. Shida iko kwenye taarifa zilizoingia. Zotero hupanga inachopewa, haikagui kama ni kweli. Tazama huu mstari wako:

`Tanzania, J. ya M. wa. (2022).`

Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imegeuka mtu mwenye jina la ukoo Tanzania! Kisanduku cha mwandishi kiligawanywa jina la kwanza na la mwisho. Bonyeza kitufe kidogo pembeni ya jina, visanduku viwe kimoja, uandike jina zima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo imepatwa na hayo hayo. Na si orodha tu inayoharibika: ndani ya matini inasomeka (Tanzania, 2022), na anayeitafuta Jamhuri kwenye J haikuti.

Kubwa zaidi ni ile ripoti ya mradi wa karanga, uliyoiandika (2016). Mradi ulianza 1947 ukafutwa 1951. Huo 2016 ni mwaka nakala ilipopakiwa mtandaoni, na Zotero imeuokota kwenye ukurasa wa tovuti. Sura ya 2 unasema "tafiti za karibuni" zinaukosoa mradi, na mojawapo ni hiyo hiyo ripoti ya wakati wa mkoloni. Mtahini wa historia hataliita hilo kosa la uchapaji. Fungua PDF, nenda kwenye ukurasa wa jina, uchukue mwaka ulioandikwa pale. Fanya hivyo kwa kila chanzo cha zamani ulichokipata mtandaoni.

Vichwa vilivyoingia kwa herufi kubwa tupu virekebishe pia, ila majina kama Lindi na Masasi yabaki na herufi yake kubwa.

Sasa, usisahihishe ndani ya Word. Ukibonyeza Refresh, Zotero inarudisha makosa yote na jasho lako linapotea. Sahihisha kwenye maktaba yako ya Zotero, kisha Refresh. Yale ya Kiswahili, yaani kubadili "In" kuwa "Katika" na "Eds." kuwa "Wahariri", yaache mwisho kabisa: hifadhi nakala ya faili pembeni, bonyeza Unlink Citations kwenye nakala nyingine, halafu uyabadili kwa mkono. Ukishakata huo uhusiano hakuna kurudi, ndiyo maana nasisitiza nakala.

Ukirudi Mtwara pita dawati la marejeo, tuipitie ripoti ya karanga pamoja kabla hujaigusa Sura ya 2.

Bi. Hadija
Mkutubi, Huduma kwa Wasomaji